Shilingi Yenye Twiga

Mwezi wa Desemba mwaka 2019, nilipokuwa sijatimiza hata miaka miwili tangu kutoka chuo cha ualimu, nilivuka Mto Athi kutoka Makueni, nilikokuwa nikifundisha, nikaenda Kitui kukaa likizo kwa mama mdogo. Mama mdogo alikuwa na duka katika soko dogo la upande wa kusini: chumba kimoja cha mawe, kaunta ya mbao, rafu tatu, mizani, na pipa la mafuta ya kupima. Duka hilo ndilo lililonisomesha mimi, na mwaka ule lilikuwa na kazi nyingine mbele yake, maana mwanawe wa mwisho alikuwa aingie Kidato cha Kwanza Januari. Lakini faida ilikuwa imepungua. Watu wenye fedha kidogo mkononi walikuwa wameanza kupanda gari kwenda kununua vitu mjini, katika maduka makubwa ambayo bei zake huandikwa kwa wino mwekundu na kuishia kwa tisa.

Mama mdogo aliniuliza usiku wa kwanza, tulipokuwa tukifunga hesabu, "Mwalimu, wewe umesoma mambo ya biashara. Wenzetu wa mjini wana dawa gani?"

Nilimjibu kwa kujiamini kuliko ilivyostahili. Nilikuwa nimesoma habari za namna akili ya mnunuzi inavyoipokea bei, nikaona kwamba nimepata mahali pa kuyajaribu niliyoyasoma. Kesho yake nilikata vipande vya karatasi ngumu, nikaandika bei mpya, nikazibandika rafuni. Kila kilichokuwa sh. 100 kikawa 99. Kilichokuwa 50 kikawa 49. Kilichokuwa 200 kikawa 199.

Yafaa msomaji ajue kwamba sikutenda hivyo kwa kuiga tu. Jicho la mtu husoma tarakimu kutoka kushoto, na akili hukadiria ukubwa wa bei kabla haijamaliza kuisoma. Mwaka 2005 wataalamu wawili, Manoj Thomas na Vicki Morwitz, walionyesha kwamba dola 2.99 huhisiwa kuwa ndogo kuliko dola 3.00 kupita tofauti yake halisi ya senti moja, kwa sababu tarakimu ya kushoto imegeuka kutoka tatu hadi mbili. Lakini bei ikishuka kutoka 3.60 hadi 3.59, tarakimu ya kushoto ikabaki ile ile, mvuto huo hauonekani. Miaka miwili kabla yao, Eric Anderson na Duncan Simester walikuwa wameeleza majaribio waliyofanya kwa orodha za nguo za kike zilizopelekwa kwa wanunuzi Marekani. Nguo iliyoandikwa dola 39 ilinunuliwa zaidi kuliko ilipoandikwa dola 44, jambo ambalo halishangazi. La kushangaza ni kwamba ilinunuliwa zaidi pia kuliko ilipoandikwa dola 34. Bei ya namna hiyo nitaiita bei ya mvuto.

Mvuto huo ulipofika kwenye kaunta ya mama mdogo ulikutana na mambo mawili ambayo sikuyafikiri.

La kwanza ni kwamba wanunuzi wetu wengi hawakusoma karatasi zangu. Waliingia, wakasalimu, wakauliza habari za nyumbani, kisha wakauliza, "Majani ya chai ni ngapi?" Bei katika duka dogo husikiwa kwa sikio zaidi ya kuonwa kwa jicho. Mama mdogo naye, kwa mazoea yake, alikuwa akijibu, "Mia, kasoro shilingi." Kwa maneno hayo matatu alikuwa ameirudisha ile tarakimu ya kushoto niliyoiondoa kwa taabu, tena akaitanguliza.

La pili lilikuwa zito zaidi: shilingi moja yenyewe. Sarafu mpya za Kenya zilitolewa Desemba 2018, zikiwa na wanyama badala ya sura za watu: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, na ishirini ina ndovu. Kumi na ishirini huzunguka sokoni mchana kutwa. Twiga ni adimu. Mtu anayepewa shilingi moja huitia mfukoni au huitupa ndani ya kikombe nyumbani, wala hairudishi dukani, maana hakuna anachoweza kuiombea. Siku ya kwanza nilikuwa na sarafu kumi na mbili za namna hiyo, nazo ziliisha kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo nikawa natoa peremende moja badala ya chenji.

Bibi mmoja mzee, mnunuzi wa miaka mingi, aliitazama ile peremende kiganjani mwake kana kwamba ni mdudu. "Mwanangu," akasema, "mimi sina meno. Shilingi yangu i wapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nilipomfanyia mama mdogo hesabu jioni, hata mimi sikuweza kucheka tena. Pakiti ya majani ya chai tuliinunua kwa muuzaji wa jumla kwa sh. 90. Tulipoiuza kwa sh. 100 faida ilikuwa sh. 10, kwa sh. 99 faida ilikuwa sh. 9. Machoni mwa mnunuzi nimepunguza sehemu moja katika mia. Katika faida ya duka nimepunguza sehemu moja katika kumi. Pakiti 10 zilizokuwa zikileta sh. 100 sasa zililazimu kuwa 12 ndipo duka lisipungukiwe, maana pakiti 11 zilileta sh. 99 tu. Na kila nilipotoa peremende, ambayo nayo tuliinunua, niliipunguza faida kwa shilingi iliyoonekana na pia kwa uchungu wa mnunuzi, ambao daftari haliuonyeshi. Muuzaji wa nguo anayepata nusu ya bei kuwa faida aweza kuitupa senti moja bila kuihisi. Muuza sukari na majani ya chai hawezi. Malipo ya simu, ambayo katika Kenya yalianza kwa M-Pesa mwaka 2007, huondoa taabu ya sarafu kwa yule anayelipa hivyo, lakini mtoto aliyetumwa chumvi huja na sarafu mkononi.

Baada ya siku nne nilizibandua karatasi zangu. Ndipo nikaanza kutazama namna mama mdogo mwenyewe alivyokuwa akipanga bei kabla sijamfundisha. Wanunuzi wake hawakusema, "Nipe robo lita ya mafuta." Walisema, "Nipe mafuta ya ishirini." Katika duka dogo sarafu ndiyo inayosimama mahali pamoja, na kipimo ndicho kinachosogea. Bei ya mvuto kwa mtu mwenye ndovu mmoja kiganjani ni sh. 20 kamili; sh. 19 humletea usumbufu, na sh. 22 humrudisha nyumbani. Mafuta yakipanda kwa muuzaji wa jumla, mama mdogo hapandishi ile ishirini, bali hupunguza kipimo, na humwambia mnunuzi waziwazi, "Mafuta yamepanda, kikombe kimeshuka hadi hapa," huku akionyesha alama kwa ukucha. Nilimuuliza kwa nini asipunguze kimyakimya. Alinijibu kwamba sufuria husema. Mke aliyezoea kukaanga sukuma wiki kwa mafuta ya ishirini akiona chungu kimekauka kabla ya wakati, hatauliza, atahama tu. Tena kuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, na kipimo chenye hila ni kosa hata pale ambapo sufuria haikusema.

Jaribio langu la pili lilikuwa na hatima njema kidogo. Wazazi wa watoto waliokuwa waingie Kidato cha Kwanza walikuwa wameanza kuja na orodha za shule, nikafikiri kuwafungia vitu pamoja kwa bei moja. Nilichagua kipande cha sabuni ya kufulia cha sh. 60, dawa ya meno ya sh. 90, karatasi mbili za chooni za sh. 70 pamoja, na rangi ya viatu ya sh. 80. Jumla yake ni sh. 300. Nikakifunga kifurushi kwa kamba, nikakiandika sh. 280.

Mtu anayesikia habari ya kifurushi hudhani kwamba ni namna ya kuuza zaidi, basi. Lakini kifurushi chaweza kulipunguzia duka faida hata kikiuzwa sana, na namna ya kujua ni kuwagawa wanunuzi katika makundi mawili. Gharama ya vitu vile vinne kwetu ilikuwa sh. 245. Mzazi ambaye angevinunua vyote kimoja kimoja alitupa faida ya sh. 55, sasa kwa kifurushi alitupa sh. 35. Kwa huyo tumepoteza sh. 20 bila sababu, maana alikuwa amekwisha kuazimia kununua. Mzazi wa pili ni yule aliyekuja kwa sabuni na dawa ya meno tu, akiwa na nia ya kununua vingine mjini. Huyo angetuachia faida ya sh. 23, akivutwa na kifurushi anatuachia sh. 35, yaani tumepata sh. 12 zaidi. Basi kwa kila wazazi 3 wa namna ya kwanza, wanaotupotezea sh. 60, lazima wapatikane wazazi 5 wa namna ya pili ili tuwe tumerudi pale pale tulipokuwa. Pasipo hao, kila kifurushi ni zawadi kwa mtu asiyeiomba.

Nilimweleza mama mdogo hesabu hiyo nikiwa na chaki na ubao wa kuandikia bei. Alisikiliza, kisha akasema, "Basi mbona unawapunguzia ishirini? Wapunguzie kumi." Nikakokotoa. Kwa sh. 290 mnunuzi wa kwanza anatupotezea sh. 10, na wa pili anatuongezea sh. 22. Mnunuzi mmoja wa namna ya pili huwafidia wawili wa namna ya kwanza, na baki hubaki. Tena nikaona jambo ambalo mama mdogo hakulisoma popote: 290 ina tarakimu ya mbili kushoto wakati jumla ya vitu inaanzia na tatu, na chenji ya mtu atoaye noti tatu za mia ni simba mmoja, sarafu isiyokosekana dukani. Ile bei ya mvuto niliyoitafuta kwa shilingi yenye twiga ilikuwa imekaa kwenye shilingi kumi ikinisubiri.

Hata hivyo vifurushi havikutoka kwa siku tatu. Wazazi walivishika, wakavigeuza, wakaviweka. Kosa lilikuwa langu. Rafuni kulikuwa na makopo ya rangi ya viatu ya kahawia yaliyokaa tangu mwaka uliopita, nami nilikuwa nimeyatia humo ili yapate kutoka. Shule zao zilitaka viatu vyeusi. Kitu kisichotakiwa hakipati thamani kwa kufungwa pamoja na vinavyotakiwa. Huvishusha hivyo vingine, kwa maana mnunuzi huanza kushuku kwamba hata dawa ya meno imekaa sana. Mama mdogo alifungua kamba zote usiku, akaweka makopo meusi, na vifurushi vikaanza kutoka.

Sasa nafika kwenye jaribio la tatu, ambalo nisingependa kulisimulia, lakini ndilo lililonifundisha zaidi.

Mwezi wa Desemba ndengu za msimu uliopita huwa zimepungua Kitui, na mpya zingali shambani zikingoja Januari na Februari. Tulikuwa na magunia mawili yaliyonunuliwa kwa bei nzuri, nasi tulitaka kuyamaliza kabla ya mavuno. Bei ilikuwa robo kilo sh. 40, nusu kilo sh. 80, na kilo nzima sh. 140. Watu wengi walinunua nusu. Nilitaka wanunue kilo.

Mwaka 1982 Joel Huber, John Payne na Christopher Puto waliandika kwamba mtu anayesita kati ya vitu viwili aweza kuelekezwa kwa kuongezewa cha tatu, kisicho kizuri, ambacho kinafanana na kimojawapo lakini ni duni kuliko hicho. Cha tatu hakiwekwi ili kinunuliwe. Kinawekwa ili jirani yake apendeze. Nikikiita chambo sitakosea. Basi nilifunga robo tatu za kilo katika mifuko ya karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, nikaiandika sh. 135, nikaipanga kando ya kilo ya sh. 140. Mtu akiitazama mifuko hiyo miwili huona kwamba kwa sh. 5 tu anapata robo nzima zaidi, naye husahau kuilinganisha kilo na ile nusu aliyoijia.

Kwa siku chache niliona baadhi ya watu, hasa walimu na madereva, wakichukua kilo. Wengine hawakutikisika hata kidogo. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2014 Shane Frederick na wenzake waliyarudia majaribio ya namna hiyo, wakakuta kwamba chambo hufanya kazi zaidi pale vitu vinapoelezwa kwa tarakimu tupu, na hudhoofika pale mtu anapoviona au kuvionja mwenyewe. Gunia letu lilikuwa wazi mbele ya kaunta. Mnunuzi wa Ukambani hutia mkono ndani ya ndengu, huzitazama kama zina wadudu, na akilini mwake kuna sufuria yake na idadi ya watu wa nyumbani. Na mwenye sh. 80 hana sh. 140, hata umwekee chambo cha dhahabu.

Siku ya sita alikuja msichana wa miaka kumi hivi. Alikuwa ametumwa ndengu, robo tatu ya kilo, naye alikuwa na noti ya mia na ya hamsini. Mimi ndimi niliyekuwa kaunta. Nilimpa mfuko wa sh. 135, nikampa chenji ya sh. 15, naye akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Nakiri kwamba nilisita kidogo, kisha nikamhudumia mwingine.

Kabla jua halijatua bibi yake alikuwa dukani. Alikuwa yule yule asiye na meno. Hakunisemesha mimi, alimwendea mama mdogo, akaweka mfuko juu ya kaunta, akauliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ambayo ilisikiwa na kila aliyekuwapo, nusu ya kilo ni shilingi ngapi.

"Themanini, susu," mama mdogo akajibu, maana susu ndivyo tuwaitavyo bibi zetu Ukambani.

"Na robo?"

"Arobaini."

"Nusu na robo, ni robo tatu?"

"Ni robo tatu."

"Themanini na arobaini ni ngapi?"

Mama mdogo alinyamaza. Alifungua kisanduku, akatoa kumi na tano, akaziweka juu ya ule mfuko, kisha akatia mkono guniani akaongeza konzi ya ndengu. Bibi alizihesabu sarafu, simba mmoja na kifaru mmoja, akaziingiza katika ncha ya leso yake, akaifunga, akaondoka bila kuaga.

Katika vitabu nilivyosoma, chambo kilikuwa tarakimu iliyochapwa juu ya karatasi mbele ya watu wazima walioketi, na kama hapana aliyeichagua hapana aliyedhurika. Dukani chambo ni bidhaa yenye bei, na yeyote aweza kuinunua. Anayeweza kuinunua zaidi ya wote ni yule asiyelinganisha: mtoto aliyetumwa kipimo maalumu, mzee asiyeona vizuri, mtu mwenye haraka ya msiba. Ukitaka kujua kama rafu ina chambo, fanya alivyofanya yule bibi: jumlisha vipimo vidogo uone kama vinakuwa rahisi kuliko kikubwa. Vikiwa hivyo, kile kikubwa hakikuwekwa kwa ajili yako. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari zimfaazo kuhusu bidhaa, na sidhani waliyoiandika walikuwa na ndengu akilini, lakini mimi nikiifundisha huanza na ndengu.

Usiku ule mama mdogo hakunigombeza. Alimimina mifuko yote ya robo tatu kurudi guniani, mmoja mmoja, nami nikakunja karatasi. Tulipomaliza akasema, "Yule ni mteja wangu tangu nikiwa na meza barabarani. Akihama yeye, nyumba nane zahama." Kisha akaniuliza kama kuna hesabu nyingine ya kujaribu, nikamwambia hakuna.

Bibi alikaa wiki mbili bila kuja. Alirudi katika Januari, Jumamosi moja asubuhi, akataka mafuta ya ishirini na kifurushi kimoja cha shule kwa ajili ya mjukuu wake mkubwa. Alikifungua kifurushi pale pale, akalitoa kopo la rangi, akalifunua kifuniko kuona kama ni nyeusi, akakifunga tena. Alitoa noti tatu za mia na ndovu mmoja. Mama mdogo akamrudishia simba wake.

Ada ya kijana ilipatikana, sehemu kutoka dukani na sehemu kutoka mshahara wangu. Makopo ya rangi ya kahawia yangali pale rafuni nilipokwenda mara ya mwisho, manne, na bei yake imeandikwa kwa mkono wangu: sh. 79.